Bosi amepandisha dau ubaki: namna ya kumwambia wakala aliyekutafutia kazi mpya

Kila msimu wa korosho unapokaribia, maghala ya Mtwara yakianza kufagiliwa na ofisi zikihesabu nani yupo na nani hayupo, swali hili hurudi kwangu. "Nimeshapeleka barua ya kuacha kazi, ofisi wamepandisha dau nibaki. Yule wakala wa Dar aliyenitafutia kazi mpya nimwambie, au ninyamaze kwanza?"

Mwambie. Mwambie siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi, kwa simu kwanza, kisha kwa maandishi, na unapompigia uwe tayari na siku na saa utakayompa jibu lako la mwisho. Yote yanayofuata hapa chini ni namna ya kulifanya hilo bila kupoteza kazi mbili kwa mpigo.

Mwongozo huu unamhusu mtu aliyekwisha kukabidhi barua ya kuacha kazi, mwenye kazi mpya aliyoipata kupitia wakala wa ajira, ambaye mwajiri wake wa sasa amemwita na kumwekea ofa ya kubaki. Kama bado hujaandika barua, subiri. Mambo yako ni mengine.

Kwanza umjue wakala anasimama wapi

Wakala halipwi na wewe. Analipwa na mwajiri mpya, na kwa kawaida malipo yake yanategemea wewe kuripoti kazini. Ukiripoti kisha ukaondoka mapema, mara nyingi anatakiwa kutafuta mtu mwingine bila malipo ya ziada. Kwa hiyo habari ya ofa ya kubaki inamgusa mfukoni, na atakuvuta uende. Hilo halimfanyi awe adui. Linamaanisha tu kwamba ushauri wake uusikilize ukijua unatoka upande gani.

Upande wa pili, yeye ana mtu wa pili kwenye orodha, ambaye huwa hajamwambia kwamba amekosa mpaka wewe uwe umeripoti. Ukimwambia mapema kwamba huenda ukabaki, anaweza kumshikilia yule mtu na mwajiri asiachwe na kiti kitupu. Ukimwambia siku tatu kabla ya kuripoti, mtu wa pili ameshapata kazi kwingine, na wakala ndiye anayekwenda kujieleza kwa mteja wake. Mawakala hawasahau jambo hilo, na kwa kazi za Kusini wanaotafuta watu si wengi kiasi cha kuweza kuwakwepa.

Uwe na vitu hivi kabla ya kupiga simu

- Nakala ya barua yako ya kuacha kazi yenye sahihi ya aliyeipokea na tarehe. Kama hukuchukua, kaombe leo.
- Barua ya ofa mpya au mkataba. Angalia kama umesaini au hujasaini, maana maneno utakayomwambia wakala yanategemea hilo.
- Slipu yako ya mshahara ya mwezi uliopita.
- Ofa ya kubaki kwa maandishi, au angalau ahadi ya lini utapewa maandishi hayo.
- Mahali pa kuzungumza nje ya ofisi. Usipige simu hii ukiwa umesimama kwenye korido, wala kwa simu ya ofisi.

Mfano tutakaoufuata

Chukua mhasibu wa ghala Mtwara Mjini, mshahara ghafi shilingi 1,400,000. Wakala wa Dar es Salaam amempatia kazi ya uhasibu Lindi Mjini kwa 1,900,000. Amekabidhi barua ya kuacha kazi Jumatatu tarehe 1 Septemba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya siku zisizopungua 28 kwa anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza wa ajira, kwa hiyo notisi yake inaisha tarehe 28, na Lindi anatakiwa kuripoti tarehe 1 Oktoba. Barua ya ofa ya Lindi ameshaisaini.

Alhamisi tarehe 4, jioni, meneja anamwita. "Mwanangu, huwezi kutuacha na minada hii inakuja. Tunakupa milioni moja na laki nane na nusu, na msimu ukiisha tunakupandisha cheo." Hakuna karatasi mezani.

Hatua

1. Pokea ofa bila kuijibu, na uiombe kwa maandishi

Jibu linalotosha mbele ya meneja ni hili: "Nashukuru sana kwa kunifikiria. Naomba niipate kwa maandishi niisome vizuri, nami nitakupa jibu Jumatatu." Usiseme ndiyo kwa heshima ukidhani utabadilisha baadaye. Ndiyo ya heshima huandikwa kwenye daftari la meneja kama ndiyo.

Kuomba maandishi si kumdharau mkubwa. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo hiyo kinamtaka mwajiri, masharti ya ajira yanapobadilika, azungumze na mfanyakazi, arekebishe maelezo ya maandishi ya ajira na kumwarifu mabadiliko hayo kwa maandishi. Mshahara mpya ni badiliko la masharti. Meneja aliyenuia kweli hatasumbuka kuandika nusu ukurasa.

2. Fanya hesabu ya kinachoingia mkononi

Usimpigie wakala ukiwa na namba za maneno tu. Ondoa mchango wa NSSF wa asilimia 10, kisha kodi ya mshahara juu ya kinachobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, anayezidi milioni moja hukatwa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kinachozidi milioni. Kwa mhasibu wetu:

- Anapata sasa: 1,400,000 ghafi, mkononi 1,054,000.
- Lindi: 1,900,000 ghafi, mkononi 1,369,000.
- Ofa ya kubaki kama ilivyotamkwa: 1,850,000 ghafi, mkononi 1,337,500.

Tofauti ya Lindi na kubaki ni 31,500 tu kwa mwezi, na Lindi kuna kuhama, kuna nyumba ya kupanga, na wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Kwa namba hizi mtu anaweza kubaki bila kulaumiwa. Ndiyo maana nasisitiza maandishi, na utaona sababu yake katika hatua ya 5. Kama unakatwa na Bodi ya Mikopo, ongeza makato hayo pande zote tatu.

3. Jiulize uko kundi gani

Kuna makundi matatu tu. Umeshaamua kuikataa ofa ya kubaki. Bado unafikiri. Au umeamua kubaki. Wakala anahitaji kujua uko lipi, kwa neno lililo wazi, kabla ya maelezo mengine yote. Anayechanganya makundi kwenye simu moja ("naenda, ila naangalia, ila pia wamenipa vizuri") humwachia wakala tafsiri, na tafsiri ya wakala kwa mteja wake huwa ni kwamba mtu huyu anayumba.

Kama umeshakataa, bado mwambie. Watu huniuliza kwa nini umsumbue mtu kwa jambo lililokwisha. Mji wetu ni mdogo: meneja wako anajuana na watu wa bandarini, watu wa vyama vya ushirika, pengine na huyo huyo mwajiri mpya. Habari kwamba "yule tumemwongezea, anabaki" inaweza kufika Lindi kabla yako. Ikimkuta wakala ameshasikia kwako, haina nguvu.

4. Piga simu

Simu kwanza, kwa sababu ujumbe wa maandishi ukisomwa peke yake huonekana kama umeanza kujitoa. Mhasibu wetu anapiga Ijumaa saa tatu asubuhi. Wakala ni mwanamke wa rika lake, kwa hiyo anamwita dada. Kama wako ni mtu mzima, anza na shikamoo, kisha uingie kwenye jambo bila kuzunguka.

"Habari za asubuhi, dada. Nina jambo moja kuhusu kazi ya Lindi, una dakika tano? Jana jioni ofisi yangu waliniita, wakanipa ofa ya kubaki. Nimeona ulijue leo hii kutoka kwangu. Sijakubali wala sijakataa. Bado ni maneno, nimewaomba waandike. Jumatatu kabla ya saa sita mchana nitakupa jibu langu la mwisho. Mpaka hapo, tarehe yangu ya kuripoti ni ile ile."

Hapo kuna mambo manne: jambo lenyewe, umesimama wapi, siku na saa ya jibu, na kwamba ahadi yako ya awali haijaguswa. La nne ndilo watu husahau, na ndilo analolitafuta wakala katika kila sentensi yako.

Baada ya hapo atauliza. Maswali yenyewe hayabadiliki sana.

"Wamekupa ngapi?" Sema ghafi, na useme kama imeandikwa au imetamkwa. "Wamesema milioni moja na laki nane na nusu, ila sijaona karatasi." Kama hutaki kutaja namba una haki ya kutotaja: "Naomba nisitaje, ila haizidi ofa yenu." Usidanganye kwa kuipandisha. Wakala anaweza kukuomba umwonyeshe barua, na hapo hutakuwa na pa kupita.

"Kwani ulikuwa unaondoka kwa nini?" Hili ni swali la haki, na anakurudisha kwenye maneno yako ya usaili. Kama ulimwambia unaondoka kwa sababu ya mshahara, mshahara ukiongezwa ataogopa. Kama ulimwambia ni kwa sababu kazi yako haina pa kukua, muulize naye: cheo cha Lindi kinaanza lini, na kipindi cha majaribio ni miezi mingapi? Nakushauri uulize hilo la majaribio hata kama ulishasoma. Chini ya sheria yetu, aliye kazini kwa chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hana ulinzi wa kudai kuachishwa kazi isivyo haki, na ulinzi uliokwisha kuujenga kwa mwajiri wa sasa hauhami nawe. Ni uzito halisi upande wa kubaki, na wakala ndiye mtu wa kukusaidia kuupima.

"Wanaobaki huwa wanajuta, wengi wanaondoka ndani ya mwaka." Atakutajia hata asilimia. Usibishane naye, wala usiziamini. Takwimu hizo hupita mdomo kwa mdomo bila chanzo. Sema, "Nimekusikia dada, nitalifikiria," uendelee.

"Nikikuombea waongeze kidogo, utasaini leo?" Hapa simama. Kama umeshasaini ofa kama mhasibu wetu, jibu ni hapana: ulikubaliana bei, na kuirudisha mezani kwa kutumia ofa ya kubaki kunamfanya mwajiri mpya akuone mtu wa mnada kabla hujafika. Kama hujasaini, unaweza kuomba mara moja tu, kwa namba moja, na uwe unamaanisha kwamba ukipewa unasaini siku hiyo.

5. Fuatisha maandishi ndani ya saa moja

Tuma barua pepe kwenye uzi ule ule ambao ofa ilikuja nao, si WhatsApp peke yake. Tumia lugha ambayo wakala amekuwa akikuandikia. Yawe mafupi kiasi cha kusomeka bila kushusha skrini. Kwa anayefikiri bado:

> Habari dada,
> Kama tulivyozungumza asubuhi hii: jana tarehe 4 Septemba mwajiri wangu wa sasa alinipa ofa ya mdomo ya kubaki. Sijaikubali. Nitakupa jibu langu la mwisho Jumatatu tarehe 8 Septemba kabla ya saa 6 mchana. Barua yangu ya kuacha kazi bado ipo, na tarehe ya kuripoti Lindi inabaki 1 Oktoba mpaka nitakapokujulisha vinginevyo.
> Asante.

Kwa aliyekwisha kukataa:

> Habari dada,
> Nakujulisha kwamba mwajiri wangu alinipa ofa ya kubaki tarehe 4 Septemba, nami nimeikataa kwa maandishi leo. Notisi yangu inaisha tarehe 28 Septemba. Nitaripoti Lindi tarehe 1 Oktoba kama tulivyokubaliana.

Kwa aliyeamua kubaki:

> Habari dada,
> Baada ya kufikiri, nimeamua kubaki kwa mwajiri wangu wa sasa, hivyo najitoa kwenye nafasi ya Lindi. Uamuzi ni wangu na ni wa mwisho. Nakujulisha leo ili upate nafasi ya kumpata mtu mwingine kabla ya 1 Oktoba. Naomba unieleze kama kuna jambo natakiwa kukamilisha kutokana na barua niliyosaini. Nashukuru kwa kazi uliyonifanyia.

Ule mstari wa barua uliyosaini si mapambo. Ukishasaini kuna makubaliano kati yako na mwajiri mpya, na huenda ndani yake kuna kifungu cha kujitoa au cha kurudisha gharama walizokwisha kulipa, kwa mfano za kuhama. Kisome kabla hujatuma ujumbe huu. Na ujumbe wa kubaki usitangulie simu: mtu aliyekuhangaikia wiki kadhaa anastahili kusikia sauti yako.

Usimtumie wakala picha ya barua ya ofa ya kubaki. Ni nyaraka ya ofisi yako, na ikizunguka hujui itatokea wapi. Maelezo yanatosha.

Sasa turudi kwa mhasibu. Ijumaa jioni karatasi imefika. Mshahara wa msingi ni 1,400,000 ile ile. Chini yake: "posho ya msimu shilingi 450,000 kwa mwezi, Oktoba hadi Januari". Cheo hakikutajwa. Ile milioni moja na laki nane na nusu ya meneja haikuwa uongo, ila ni ya miezi minne. Kwa mwaka mzima nyongeza hiyo ni 1,800,000 ghafi; nyongeza ya Lindi ni 6,000,000. Februari mhasibu angerudi kwenye mshahara aliotaka kuukimbia. Tena malipo yanayokokotolewa juu ya mshahara wa msingi, kama saa za ziada au kiinua mgongo, yasingepanda hata kidogo.

Hiki ndicho ninachokiangalia kwanza katika kila ofa ya kubaki inayotolewa huku kwetu kati ya Agosti na Oktoba: imewekwa kwenye mshahara wa msingi, au kwenye posho yenye tarehe ya mwisho? Ofa iliyowekwa kwenye mshahara wa msingi inamtaka mtu. Ofa ya posho ya msimu, kwa maoni yangu, inataka msimu upite salama. Zipo zilizotolewa kwa nia njema kabisa na ofisi isiyo na bajeti nyingine, na hizo nazo ni za miezi minne.

6. Toa jibu kabla ya saa uliyoahidi

Mhasibu hangoji Jumatatu saa tano na dakika hamsini. Anapiga saa mbili na nusu: "Dada, nimeisoma ofa yao, sitaibeba. Nakuja Lindi." Kisha, akishaikataa ofa kwa maandishi ofisini kwake, anatuma ule ujumbe wa pili.

Kama umeahidi Jumatatu na ofisi haijakupa karatasi, piga Jumatatu hiyo hiyo. Unaruhusiwa kusogeza mara moja, kwa siku moja. Ofisi iliyoshindwa kuandika nusu ukurasa kwa siku nne imekujibu tayari.

7. Funga upande wa ofisi yako

Kwa anayeondoka: andika mistari mitatu ya kuishukuru ofa, kuikataa, na kurudia tarehe ya mwisho ya kazi. Pata sahihi ya mpokeaji. Kabla ya siku ya mwisho omba cheti cha utumishi. Ni haki yako ajira inapokoma.

Kwa anayebaki, sikiliza hapa kwa makini. Barua yako ya kuacha kazi haifutiki kwa wewe kuendelea kuja kazini. Ukishaitoa, huwezi kuirudisha peke yako. Mwajiri lazima akubali. Andika barua ya kuiondoa, na upate jibu la mwajiri linalosema ameridhia iondolewe na kwamba ajira yako inaendelea bila kukatika. Pata hilo pamoja na ofa yenye sahihi kabla ya kumpigia wakala kusema unabaki. Mpangilio ukiugeuza, kuna siku kadhaa ambazo huna kazi ya Lindi, na kwenye faili la Mtwara bado umeacha kazi.

Makosa yanayojirudia

Kunyamaza ukisubiri uamuzi kamili. Watu husema "nitamwambia nikishajua". Lakini siku za notisi zinakatika, na ukijua tarehe 25 Septemba kwamba unabaki, umemwachia wakala siku za kuhesabu kwa vidole.

Kumwambia mwajiri mpya moja kwa moja na kumruka wakala. Hata kama una namba ya meneja wa Lindi, wakala asikie kwanza. Wakala akisikia kwa mteja wake, umewaharibia wote wawili.

Kumtumia shemeji au rafiki anayefahamiana na wakala amwambie kwa niaba yako. Kwenye mambo ya posa mshenga anafaa. Hapa sauti iwe yako.

Kuomba ofa ya kubaki mwenyewe kisha kumwambia wakala kwamba umelazimishwa. Kama wewe ndiye uliyekwenda kwa meneja kumuuliza "mtanipa ngapi nibaki", usiseme umeitwa. Sema tu kwamba mmezungumza.

Mambo yakikwama

*Wakala hapokei simu.* Piga mara mbili, kisha tuma: "Nina taarifa kuhusu kazi ya Lindi, naomba dakika tano leo." Usiweke ofa ya kubaki kwenye ujumbe huo. Asipopiga mpaka jioni, tuma barua pepe kamili. Tarehe ya barua pepe hiyo ndiyo ushahidi wako kwamba ulisema mapema.

*Wakala anakasirika.* Mwache amalize. Rudia tarehe ya jibu, mshukuru, kata simu, tuma maandishi. Akikutishia kwamba hutapata kazi tena popote, usijibu tishio. Una barua pepe inayoonyesha ulimjulisha siku iliyofuata, na mteja wake akiuliza ndiyo itakayosomwa.

*Wakala anataka jibu leo leo.* Mkumbushe siku uliyotaja. Kama mwajiri mpya kweli ameweka muda mfupi zaidi, muombe muda huo kwa maandishi, kisha upeleke kwa ofisi yako: "Naomba barua leo kabla ya saa tisa." Huwa inaharakisha.

*Mwajiri mpya ameondoa ofa baada ya kusikia unafikiri.* Hutokea zaidi kwa ambao hawajasaini, na ndiyo sababu ujumbe wa kwanza lazima useme tarehe ya kuripoti haijabadilika. Kama umesaini na wameiondoa, omba barua ya kuiondoa na uipeleke pamoja na mkataba kwa afisa kazi wa mkoa akushauri, kabla hujasaini chochote cha kubaki kwa haraka ya hofu.

*Meneja wako anakupa nyongeza ya pili baada ya kukataa ya kwanza.* Huhitaji kumpigia wakala tena kama jibu lako ni lile lile. Ukianza kuyumba, mpigie siku hiyo hiyo kwa maneno yale yale ya hatua ya 4, ila safari hii jibu liwe ndani ya saa 24. Mara ya tatu hakuna wakala atakayeshika nafasi.

*Umekubali kubaki, kisha karatasi ikaja na posho ya msimu.* Rudi kwa meneja kwanza, umwonyeshe tofauti kati ya alichosema na kilichoandikwa, umuombe arekebishe kabla ya saa fulani. Kama hakurekebisha, mpigie wakala na useme hivyo hivyo: niliambiwa hivi, nimeandikiwa hivi, je, nafasi bado ipo? Ikiwa hajaitoa, huenda ukarudi. Ikiwa ameshampa mtu wa pili, mshukuru, na muulize kama ana kazi nyingine ya uhasibu kati ya Kilwa na Masasi.